Rasimu Yako Ina Viraka? Dalili, Chanzo na Jinsi ya Kuitengeneza

Mwanafunzi mmoja wa hapa Kisumu aliniletea sura ya pili ya tasnifu yake akiwa amenuna. Msimamizi wake alikuwa amezungushia aya moja kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Haya si maneno yako."

"Lakini mwalimu," akaniambia, "nimebadilisha karibu kila neno. Na marejeleo nimeweka mwishoni mwa aya. Sasa anataka nini tena?"

Nilimwamini. Maneno alikuwa ameyabadilisha kweli, tena kwa jasho. Kilichobaki ni sentensi yenyewe, na hiyo ilikuwa ya mtu mwingine. Kazi ya namna hii huitwa uandishi wa viraka: unaichukua sentensi ya mwandishi, unafuta neno hapa, unageuza mpangilio kidogo pale, unachomeka kisawe mahali pa neno lililokuwepo, halafu unasonga kwenye sentensi inayofuata na kufanya vivyo hivyo. Aliyelipa jambo hili jina, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni Rebecca Moore Howard, msomi wa Marekani anayeshughulikia ufundishaji wa uandishi. Hoja yake ilikuwa kwamba mara nyingi hii si hila ya mwizi, ni jitihada za mtu anayeandika juu ya jambo ambalo bado hajalimudu. Mimi nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Shida ni kwamba mtahini haoni nia yako, anaona ukurasa tu, na vyuo vingi huyahesabu maandishi ya aina hii kuwa wizi wa maandishi hata kama mwandishi hakukusudia kuiba.

Tasnifu yake ilihusu wavuvi wa ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, na gugumaji la Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria. Aya iliyozungushiwa ilitokana na makala aliyoisoma kwenye simu. Makala hiyo sitainakili hapa. Nimetunga kifungu kinachofanana nayo, na rasimu yake nimeitungia mfano wake vilevile, ila makosa ni yale aliyoyafanya. Chanzo kilikuwa hivi:

"Gugumaji liliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa kuwa halikuwa na adui wa asili katika mazingira hayo, lilienea kwa kasi kubwa, hasa katika ghuba zilizokingwa na upepo na zenye rutuba nyingi itokanayo na majitaka na mbolea za mashambani. Mwaka 1997 wadudu aina ya fukusi waliachiliwa upande wa Kenya ili kulidhibiti; hata hivyo, kupungua kwa gugu hilo kulikofuata hakuwezi kuhusishwa na fukusi peke yao, kwani mvua za El Nino za 1997 na 1998 nazo huenda zilichangia."

Rasimu ya mwanafunzi ikawa hivi:

"Gugumaji lilifika katika Ziwa Victoria kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, na kwa sababu halikuwa na hasimu wa kimaumbile kwenye mandhari hayo, lilisambaa kwa mwendo mkubwa, hususan katika ghuba zilizolindwa dhidi ya upepo na zenye mbolea tele inayotokana na maji machafu na mbolea za shambani. Mnamo 1997 vijidudu viitwavyo fukusi viliachwa huru upande wa Kenya ili kulithibiti; lakini, kupungua kwa gugu hilo kulikofuatia kunahusishwa na fukusi, na pia mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilichangia."

Zisome mara mbili kabla hujaendelea. Ukisoma ya pili peke yake, huenda usione ubaya mkubwa. Ndiyo sababu mwandishi hawezi kuvigundua viraka vyake kwa kusoma rasimu yake tu. Anahitaji vipimo, na hivi ndivyo ninavyotumia mimi.

Dalili: sentensi zinapiga hatua zilezile

Hiki ndicho kipimo cha kwanza kwa sababu hakidanganywi na visawe. Chukua penseli. Kwenye chanzo na kwenye rasimu yako, acha kuangalia maneno yenye habari na upigie mstari viungo tu: viunganishi, vituo, maneno yanayofungua kishazi kipya. Kwenye chanzo chetu unapata: "na kwa kuwa... hasa katika... na zenye... itokanayo na... ili... hata hivyo... kwani." Kwenye rasimu unapata: "na kwa sababu... hususan katika... na zenye... inayotokana na... ili... lakini... na pia."

Hiyo ni mifupa ya mnyama mmoja. Hata ile nuktamkato iliyo baada ya "kulidhibiti" imehamia kwenye rasimu ikakaa palepale, na mwanafunzi huyu hakuwa ametumia nuktamkato mahali pengine popote katika sura nzima. Nilipomwonyesha alicheka, kisha akanyamaza.

Baada ya viungo, hesabu hatua za habari. Chanzo kinasema gugu liliingia, kinataja wakati, kinaeleza kwamba halikuwa na adui, kwamba lilienea, kinataja mahali lilikoenea zaidi, kisha fukusi, kisha shaka kuhusu fukusi, kisha mvua. Rasimu inapita njia ileile bila kuruka kituo hata kimoja. Watu wawili wanaweza kuandika kuhusu gugumaji na wakagongana kwenye hatua mbili tatu, maana historia ni moja. Hatua zote nane kwa mpangilio uleule hazitokei kwa bahati.

Hapa huwa naulizwa: je, nikigeuza mpangilio, nianze na El Nino nimalizie na miaka ya 1980, nimepona? Hapana. Ukizigeuza sentensi huku kila moja ingali na umbo lake la asili, umebandua viraka mahali pamoja ukavishona pengine. Mpangilio unaokuokoa ni ule unaotokana na swali lako mwenyewe. Nitarudi kwenye hili.

Dalili: visawe vinavyogoma

Anayejenga sentensi yake huchagua neno kwa kuwa linasema anachotaka. Anayebadilisha neno la mwingine huchagua lolote ambalo si lile. Kwa hiyo sehemu yenye viraka hujaa maneno yaliyo karibu na sahihi bila kufika. Kwenye rasimu hii kuna manne, na kila moja lina funzo lake.

"Adui wa asili" limekuwa "hasimu wa kimaumbile". Kwa watu wanaoshughulika na kudhibiti magugu kwa wadudu, adui wa asili ni istilahi: ni kiumbe kinachoula mmea huo au kuuambukiza ugonjwa huko ulikotoka, kama fukusi na gugumaji kwao Amerika Kusini. "Hasimu" ni mtu mliyegombana naye. Mwanafunzi aliogopa kuacha istilahi kama ilivyo, akaivunja, na msomaji anayejua fani sasa haelewi anazungumzia nini.

"Mazingira" yamekuwa "mandhari". Mandhari ni yale unayoyaona ukisimama Dunga jua likizama, na gugumaji halikosi adui ndani ya mandhari.

"Rutuba" imekuwa "mbolea", na matokeo yake sentensi inasema kuna mbolea inayotokana na mbolea. Kosa hili hutokea kwa sababu anayebandika viraka hashughulikii sentensi nzima, anashughulikia neno moja kwa wakati mmoja. Alipofika kwenye "rutuba" hakukumbuka kwamba "mbolea" inakuja maneno machache mbele.

La nne ndilo ninalolipenda, ingawa ni la kusikitisha: "kulidhibiti" limekuwa "kulithibiti". Hapa wala hakukusudia kubadilisha; alikuwa ananakili kwa haraka, na wengi wetu huku tunayatamka maneno hayo mawili kana kwamba ni moja. Kudhibiti ni kuweka chini ya mamlaka au kuzuia. Kuthibiti ni kuwa imara, kuwa kweli. Mtu anayewaza fukusi wakilitafuna gugu hawezi kuandika neno la pili. Anayefuata herufi kwa macho anaweza.

Kipimo basi ni hiki: pitia aya unayoishuku, na kila unapokuta neno ambalo hulitumii ukizungumza wala ukiandika mahali pengine, jiulize limetoka wapi. Kama jibu ni "nilitafuta neno lingine la hili", funika rasimu, rudi kwenye chanzo, na utaona sentensi nzima ina kasoro, si neno hilo tu.

Dalili: shaka ya mwandishi imegeuka uhakika

Hili ndilo kosa linalonitia hofu zaidi, kwa sababu hapa tatizo si la adabu ya uandishi tena. Rasimu inasema jambo ambalo chanzo hakikusema.

Chanzo kinasema kupungua kwa gugu "hakuwezi kuhusishwa na fukusi peke yao", na kwamba mvua "nazo huenda zilichangia". Rasimu inasema kupungua "kunahusishwa na fukusi", na mvua "zilichangia". Ukanusho umefutika, "peke yao" imefutika, "huenda" imefutika. Mwandishi wa makala alikuwa akipunguza sifa za fukusi. Mwanafunzi amewapa sifa zote kisha akaongeza mvua kama nyongeza. Na hili si suala dogo kwa anayeandika juu ya Winam, kwa maana wanasayansi wamebishana hasa kuhusu jambo hilo: je, gugu lilianguka mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kazi ya fukusi, au kwa hali ya hewa ya El Nino, au kwa vyote viwili? Mtahini anayejua mjadala huo atadhani mwanafunzi amechagua upande. Kumbe hakujua hata kwamba kuna pande.

Kwa nini maneno haya hupotea kwanza? Kwa sababu yanaonekana mepesi. Mtu anayetafuta cha kufuta ili sentensi isifanane na ya awali hufuta "huenda", "peke yao", "kwa kiasi", "inaelekea", "baadhi ya". Hayabebi picha yoyote, basi anaona hayana kazi. Nayo ndiyo yanayobeba msimamo wa mwandishi. Ukitaka kuipima aya yako kwa haraka, tafuta maneno ya namna hiyo kwenye chanzo, kisha angalia kama yamefika kwenye rasimu yako kwa umbo lolote. Yasipofika, irudie aya yote.

Dalili: sauti inapanda na kushuka

Soma kurasa mbili kwa sauti, ikiwezekana mbele ya mtu. Mahali pa viraka utajikuta umebadilika kuwa msomaji wa taarifa ya habari. Sentensi zinarefuka ghafla, "mnamo" na "hususan" zinajitokeza, kisha aya inayofuata inarudi kwenye "watu wa Dunga walisema". Dalili hii peke yake haitoshi kumhukumu mtu, maana wengine huandika hivyo wakiwa na woga tu. Itumie kukuonyesha pa kuchimba.

Dalili: Kiswahili chenye sura ya lugha nyingine

Wanaoandika tasnifu kwa Kiswahili huku vyanzo vyao vingi vikiwa vya Kiingereza wana mtego wao. Wanafikiri kwamba tafsiri ni maneno yao wenyewe, kwa kuwa kila herufi wameiandika wao. Sivyo. Ukitafsiri sentensi baada ya sentensi na kuweka marejeleo ya kawaida tu, umbo, mpangilio na chaguo la mifano bado ni vya mwandishi wa awali. Kama unataka tafsiri, iweke kwenye alama za nukuu na useme umetafsiri wewe.

Utaitambua kwa harufu. "Wanawake wanacheza nafasi muhimu katika biashara ya samaki." "Katika mwanga wa matokeo haya..." "Ilikuwa imeonyeshwa na utafiti kwamba..." Hakuna aliyewahi kusema hivyo akiwa kwenye matatu ya kwenda Kondele. Mswahili angesema biashara ya samaki inawategemea wanawake, au bila wanawake samaki hawafiki sokoni. Sentensi ikikataa kukaa vizuri mdomoni, chunguza kama ilizaliwa kwa Kiswahili.

Programu za kukagua ufanano aghalabu hazikamati viraka vya tafsiri, na wengi huchukulia hilo kuwa cheti cha usafi. Nitasema jambo moja tu kuhusu programu hizi. Ripoti ya Turnitin, kwa mfano, hukuonyesha maandishi yanayolingana na yale iliyo nayo kwenye hazina yake. Asilimia inayotoa ni ya ufanano, si ya wizi. Nukuu uliyoiweka vizuri kabisa inaweza kupandisha namba, na aya yenye viraka vilivyoshonwa kwa bidii inaweza kuishusha. Aliyebadilisha maneno mpaka namba ikashuka amejifunza kumkwepa askari kanzu, na msimamizi wake amesoma makala ileile.

Viraka vilitoka wapi

Nilimwomba anionyeshe notisi alizotumia. Akatoa simu. Notisi zilikuwa skrinishoti, arobaini na kitu, pamoja na faili moja ambalo ndani yake alikuwa amenakili na kubandika vifungu vya makala mbalimbali, kimoja chini ya kingine. Baadhi vilikuwa na jina la mwandishi, vingine havina. Vingine alikuwa ameanza kuvibadilisha humohumo ndani ya faili, kwa hiyo hata yeye hakuweza tena kusema ni wapi maneno ya mwandishi yanaishia na yake yanaanzia.

Hicho ndicho chanzo cha kwanza, na ndicho rahisi kutibika. Notisi ambazo ni maneno ya mwandishi matupu haziwezi kuzaa kitu kingine. Ukikaa kuandika huku kifungu kiko kwenye skrini, jicho linakwenda kwenye kifungu, mkono unabadilisha neno, jicho linarudi. Hakuna mahali akili inaingia.

Chanzo cha pili ni kutoelewa. Nilimuuliza fukusi hufanya nini hasa kwa gugumaji. Hakujua. Alidhani wanalimaliza kama nzige wanavyomaliza shamba. Kwa kweli fukusi wazima hukwangua majani na viluwiluwi wao huchimba ndani ya vikonyo, hivyo mmea hudhoofika polepole, hupunguza kuzaa na huweza kuzama. Mtu asiyejua hilo hana cha kusema kuhusu fukusi isipokuwa kile alichokisoma, kwa namna alivyokisoma.

Cha tatu ni kusoma sentensi badala ya kusoma makala. Mwaka 2010 Howard na wenzake wawili walichapisha uchunguzi wa insha 18 za wanafunzi wa chuo. Hawakupata hata moja iliyotoa muhtasari wa chanzo kizima. Wanafunzi walikuwa wakifanya kazi na sentensi walizozichomoa humo ndani. Mwanafunzi wangu alikuwa vivyo hivyo. Makala ilikuwa na kurasa nyingi, naye alikuwa amesoma ukurasa wa kwanza na wa pili. Alipofika pale gugumaji lilipotajwa akapiga skrinishoti, akaondoka.

Kutengeneza

Usijaribu kuitengeneza aya yenye viraka kwa kuigusagusa. Ukibadilisha tena maneno ya rasimu unapata kiraka juu ya kiraka, na umbo la chini bado lipo. Ifute. Inauma, lakini aya hiyo haikuwa yako kwa hiyo hujapoteza kitu.

Tulifanya hivi. Kwanza alirudi akaisoma makala yote, mara moja, bila kalamu. Ilimchukua saa moja na nusu. Kisha simu ikawekwa mezani uso chini, nami nikamwambia, "Mwanangu, nieleze. Si mimi mwalimu. Nifanye mama anayeuza samaki pale Dunga, nimekuuliza gugu lilikwenda wapi miaka ile."

Akaanza kwa kusitasita. Haya ndiyo aliyosema, nami niliandika: "Hili gugu lilitoka mbali, na kule kwao kuna wadudu wanaolila. Hapa hawakuwepo. Ghuba yetu nayo imejifungia, maji yametulia, uchafu wa mji na mbolea za mashamba vinaishia humo, likashiba. Wakaleta wale wadudu. Lakini mwaka uleule mvua zikapiga sana. Gugu likapungua, na sasa huwezi kusema ni wadudu tu au ni mvua."

Angalia kilichotokea. Hakutumia hata kiungo kimoja kati ya vile tulivyovipigia mstari kwenye chanzo. Maneno ya shaka, yaliyokuwa yamefutika kwenye rasimu, yamerudi yenyewe: "huwezi kusema ni wadudu tu." Na neno "likashiba" ni lake, hakuna makala ambayo ingeandika hivyo.

Hata hivyo mazungumzo hayo hayakuwa aya bado. Nilimuuliza swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo la msingi: "Habari hii inafanya nini kwenye tasnifu yako?" Tasnifu yake haikuwa ya biolojia. Ilihusu kwa nini wavuvi wengi aliowahoji hawakuwa na imani na miradi ya kudhibiti gugu. Basi habari ya kuingia kwa gugu miaka ya 1980 ilikuwa ya pembeni. Kilichomhusu ni ule mwisho: kwamba hata wataalamu hawakukubaliana ni nini kililiondoa. Mwanzo wa aya ya mwandishi ulikuwa mwanzo wa habari ya mwandishi. Mwanzo wa aya yake ulipaswa kuwa swali lake.

Akaandika, simu ikiwa bado imelala:

"Wavuvi wa Dunga wanaposema hawajui ni nini kililiondoa gugumaji mwishoni mwa miaka ya 1990, hawako peke yao. Fukusi waliachiliwa upande wa Kenya mwaka 1997, lakini mvua kubwa za El Nino zilianza mwaka huohuo na kuendelea mpaka 1998. Mwandishi wa makala hii anaona kwamba fukusi hawawezi kupewa sifa yote, na kwamba huenda mvua nazo zilikuwa na mchango. Kwa mvuvi aliyeliona gugu likiondoka kisha likarudi, mashaka hayo ni sababu tosha ya kutouamini mradi unaoahidi kulimaliza."

Jina la mwandishi na mwaka vilikaa palipo na "mwandishi wa makala hii"; mimi nimeviondoa. Sasa linganisha na chanzo kwa vile vipimo vya mwanzo. Viungo ni vingine. Hatua nane zimebaki tatu, zikaongezwa mbili ambazo chanzo hakina. Shaka ipo. Na msomaji anaona waziwazi ni wapi mwandishi wa makala anaanza kusema na ni wapi anakoma, kwa sababu ametajwa ndani ya sentensi na sentensi ya mwisho ni ya mwanafunzi. Marejeleo yaliyofichwa mwishoni mwa aya hayafanyi kazi hiyo. Yanasema habari imetoka kwa fulani. Hayasemi maneno ni ya nani.

Baada ya hapo ndipo akafungua simu, akalinganisha. Hatua hii ni lazima, wala si kabla ya kuandika. Alikuta ameandika "waliachiliwa upande wa Kenya", maneno manne yaliyo kwenye chanzo kama yalivyo. Tuliyaacha. Hakuna namna nyingi za kusema jambo hilo, na kulazimisha nyingine ndiko kulikotuletea "viliachwa huru". Majina, miaka, istilahi kama adui wa asili, na maelezo mafupi ya kawaida hayahitaji kukimbiwa. Kinachokushtua kiwe mfuatano mrefu wenye ladha ya mwandishi. Ukikuta sentensi ambayo imesemwa vizuri kiasi kwamba kila namna yako inaiharibu, inukuu, weka alama, taja ukurasa, endelea. Mara moja moja tu, lakini.

Kipimo cha kueleza kwa mdomo kina udhaifu mmoja: mwenye kumbukumbu kali anaweza kukariri kifungu na kukitema kilivyo. Kama wewe ni wa aina hiyo, lala kwanza, uandike kesho yake.

Tuliipitia sura yote kwa namna hiyo, jioni tatu. Aya sita zilikuwa na viraka. Nne alizieleza bila shida mara aliposoma makala husika mpaka mwisho. Ya tano ilibaki nukuu ya sentensi mbili. Ya sita ilihusu jinsi gugu linavyopunguza oksijeni majini, ikiwa na namba za vipimo alizozitoa mahali. Nikamwambia anieleze. Akaanza, akakwama, akaanza tena. Mwishowe akasema, "Mwalimu, hii kwa kweli siielewi. Na hata sijui niliiweka ya nini."

Akaifuta mwenyewe.